Kabla Hamjafuta Mashine: Maelezo Tunayoyaacha Gitega na Muyinga

Mwishoni mwa muhula huu sisi tuliojitolea kutunza vyumba viwili vya kompyuta, kimoja katika shule ya mjini Gitega na kingine katika shule ya Muyinga, tunaondoka. Kazi inapokewa na walimu wawili pamoja na fundi umeme mmoja wa kiwanda cha kahawa, ambaye tangu zamani amekuwa akija siku ya Jumamosi na mita yake mfukoni. Tumewaandikia daftari la makabidhiano. Sehemu yake kubwa tunaitoa hapa, kwa kuwa wengi wenu mna watoto katika shule za namna hii, na kwa kuwa ninyi mafundi wa viwandani ndio mnaotumiwa ujumbe kila mara kompyuta ya shule inapogoma.

Tulipoanza kazi, tulikuta katika daftari la zamani jambo moja la kushangaza. Mashine zilezile zilikuwa zikiwekwa mfumo upya, yaani zikifutwa kila kitu na kuwekewa Windows au Ubuntu toka mwanzo, mara mbili na hata mara tatu kwa mwaka mmoja wa masomo. Kila mara ilipofanyika hivyo, kazi ya wanafunzi iliyokuwa ndani ilipotea. Mwanafunzi aliyekuwa ameandika ripoti yake kwa majuma matatu alirudi akakuta mashine nyeupe. Nasi tulipochunguza, moja baada ya moja, tuliona kwamba karibu zote hazikuwa na ubaya wowote katika mfumo wake. Ubaya ulikuwa mahali pengine, na kuufuta mfumo kuliuficha tu kwa muda.

Tuanze na kitu kidogo kuliko vyote, ambacho ndicho kilichotusumbua kuliko vyote. Ndani ya kila kompyuta, juu ya bamba kuu, kuna betri ya duara mfano wa sarafu. Juu yake pameandikwa CR2032. Tarakimu hizo ni vipimo vyake: upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa ya mashine wakati umeme haupo, na katika mashine nyingi za zamani, kutunza pia mipangilio ya ndani: mashine iamke kutoka diski ipi, izungumze na diski kwa njia gani, na mengineyo.

Ofisini betri hiyo hukaa miaka mingi, kwa sababu kompyuta ya ofisini hata ikizimwa bado waya wake uko ukutani, na umeme kidogo unaendelea kupita na kuilisha saa. Betri haifanyi kazi. Lakini shuleni mambo ni mengine. Kila jioni mlinzi huzima swichi kuu ya chumba, na anafanya vyema, kwa kuogopa moto na radi. Basi tangu jioni hadi asubuhi, na likizo nzima, betri ile inabeba mzigo peke yake. Tena kompyuta zetu zililetwa zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya miaka saba au minane, na betri zao ni zile zilezile za kiwandani. Ndiyo maana kasoro hizi hujitokeza kwa wingi siku ya kwanza baada ya likizo, mashine nne au tano kwa pamoja, watu wakadhani kuna mdudu wa kompyuta ameingia.

Mashine hizo haziwi na dalili moja, na hapo ndipo watu hupotea. Nyingine husema wazi. Mashine za Dell za zamani huandika hivi zinapowashwa:

```
Time-of-day not set - please run SETUP program
```

Za HP huandika `163-Time & Date Not Set`. Mtu akibonyeza F1 mashine inaendelea, na kwa kuwa inaendelea, wanafunzi hubonyeza F1 kila asubuhi kwa miezi, wala hakuna anayemwambia mwalimu. Kwenye Windows tarehe inarudi nyuma miaka mingi, na kila ukurasa wa mtandao unakataa kufunguka. Chrome huandika `Your clock is behind`. Mtandao wenyewe ni mzima. Ni kwamba kila ukurasa unakuja na hati yake ya utambulisho yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na mashine inayodhani kwamba leo ni mwaka 2009 inaiona hati hiyo kuwa bado haijaanza kazi.

Ubuntu ni mjanja zaidi, na ujanja wake unamdanganya fundi. Mashine inapoamka na kuona saa yake iko nyuma mno, inatafuta tarehe ya mwisho iliyojiandikia kwenye diski, nayo inaanza hapo. Kwa hiyo huoni mwaka 2009. Unaona tarehe ya siku ile mashine ilipozimwa mara ya mwisho, ambayo kwa macho ya haraka inaonekana ni ya kweli. Mtandao ukiwapo na ukaruhusu, mashine hujirekebishia saa yenyewe. Lakini kisanduku cha mtandao cha shule ya Gitega kinapitisha kurasa tu, hakipitishi saa. Basi baada ya likizo ya wiki sita mwalimu aliagiza programu mpya, akajibiwa hivi:

```
Release file ... is not valid yet
(invalid for another 41d 6h 12min 3s)
```

Maana yake ni kwamba orodha ya programu imeandikwa siku 41 mbele ya tarehe ya mashine, kwa hiyo mashine inaikataa. Hesabu hiyo ya siku ndiyo inayokuonyesha ni kiasi gani saa imechelewa. Hakuna haja ya kufuta kitu. Rekebisha saa kwa maneno haya matatu, ukiweka tarehe na saa ya siku hiyo:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Bujumbura
sudo timedatectl set-ntp false
sudo timedatectl set-time "2025-09-15 08:40"
```

Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni wa lugha yetu. Sisi tunasema saa mbili na dakika arobaini asubuhi, na tumemwona mtu akiandika 02:40. Kompyuta inahesabu tangu usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili asubuhi ni 08. Ukikosea hapo mashine itakuwa nyuma kwa saa sita, na huenda ikakataa tena, safari hii ikisema `invalid for another 5h` na dakika zake. Wa pili ni wa Muyinga. Mji ule hauko mbali na mpaka wa Kobero, na simu ya mtu aliyepita huko ikishika mnara wa Tanzania inaweza kuonyesha saa ya Tanzania, iliyo mbele ya yetu kwa saa moja. Msichukue saa kwenye simu ya mgeni kabla hamjailinganisha na nyingine.

Lakini kurekebisha saa bila kubadili betri ni sawa na kufuta maji sakafuni ilhali bomba linavuja. Namna ya kuipima betri ni hii. Jioni zima mashine na uchomoe waya ukutani. Asubuhi iwashe, na hapohapo bonyeza F2 kwa Dell au F10 kwa HP, uingie katika ukurasa wa mipangilio kabla mfumo haujaamka. Tazama tarehe pale, wala si kwenye Ubuntu, kwa sababu tumeona kwamba Ubuntu inaficha. Tarehe ikiwa imerudi nyuma, betri imekwisha. Mwenye mita ataipima moja kwa moja: mpya huonyesha volti 3 na zaidi kidogo, na sisi ikishuka chini ya 2.7 tunaitupa.

Kabla ya kugusa ndani, chomoa waya kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki utoke. Sukuma kishikizo cha pembeni kwa bisibisi ndogo, betri itaruka yenyewe. Mpya ikae upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Madukani mtauziwa pia CR2025. Upana wake ni uleule nayo huingia, lakini ni nyembamba, milimita 2.5 tu, kwa hiyo haishiki vizuri; ukiigonga meza saa inapotea tena. Ikatalieni. Na mkiona betri mpya kabisa imekufa baada ya wiki chache, tatizo ni bamba lenyewe linakula umeme. Mashine hiyo iacheni ifanye kazi ambayo haihitaji tarehe, msiendelee kuipa betri.

Sasa tuje kwenye mashine namba 7 ya Gitega, ambayo ndiyo iliyotufundisha mengi. Katika daftari la zamani imeandikwa kwamba iliwekewa Windows mwezi wa Septemba, tena Januari, tena Aprili. Kila mara sababu iliyoandikwa ni moja: haiamki, inaonyesha ukurasa wa buluu wenye maneno `INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE`. Kwa hiyo aliyekuwapo alidhani diski imeharibika, akaifuta, akaweka Windows upya, na mashine ikafanya kazi. Nani angemlaumu?

Jambo lilikuwa hivi. Katika ukurasa wa mipangilio wa Dell kuna mahali paitwapo `SATA Operation`, panapoamua mashine izungumze na diski kwa njia gani. Njia zenyewe zinaitwa `AHCI` na `RAID On`. Windows inapowekwa hujifunza njia iliyoikuta, na baadaye ukiibadili ghafla haiwezi tena kuisoma diski iliyokalia. Mashine namba 7 iliwekewa Windows kwa `AHCI`. Likizo ikaja, betri ikaisha, mipangilio ikarudi ilivyotoka kiwandani, yaani `RAID On`. Windows ikashindwa kuamka. Ikafutwa na kuwekwa upya, safari hii kwa `RAID On`, na ikaamka. Baada ya miezi michache mwalimu mwangalifu, akirekebisha saa katika ukurasa uleule, aliona kwamba mashine nyingine zote ziko kwenye `AHCI`, akairudisha hii nayo iwe kama wenzake. Ikashindwa kuamka mara ya pili. Ikafutwa. Likizo nyingine ikafika, na mambo yakawa yaleyale. Kufutwa mara tatu, na kazi ya wanafunzi kupotea mara tatu, kumbe diski ni nzima na Windows ni nzima.

Dawa yake ilichukua dakika kumi. Tulibadili betri, tukarudi katika `SATA Operation`, tukachagua ile njia nyingine, tukahifadhi, tukawasha. Iliamka na mafaili yote yamo. Kwa hiyo mkikuta ukurasa ule wa buluu, au mashine ikiandika kwamba haioni diski ya kuamkia, ingieni kwanza katika mipangilio. Jaribuni njia ya pili. Mashine itawatisha kwa onyo kwamba huenda mfumo usiamke. Endeleeni tu, maana kubadili njia hiyo kwenye mashine yenye diski moja hakufuti mafaili, na ikishindikana mnarudisha ilivyokuwa. Jambo la kuogopa ni moja: msiingie katika ukurasa mwingine wa kuunganisha diski na kuunda kundi jipya la diski. Huo ndio unaofuta. Njia zote mbili zikishindikana, angalieni kama waya wa diski umelegea, kisha sikilizeni. Diski inayogongagonga kama saa ya ukutani imekufa, na kuweka mfumo upya hakutaifufua.

Ndani ya kifuniko cha kila mashine tumebandika karatasi inayosema mfumo uliowekwa, njia ya diski iliyotumika, na tarehe ya kubadili betri. Tafadhali karatasi hizo zisitolewe.

Kasoro inayofuata ina tabia kama hiyo ya namba 7, yaani inajificha mpaka mtu mwema atakapotengeneza kitu. Ni habari ya kibodi. Kompyuta zetu zilizotoka Ubelgiji zina kibodi ya AZERTY, na zilizotoka Uingereza ni QWERTY, na kibodi zinahamishwa kutoka mashine hii kwenda ile kila kitufe kinapovunjika. Mfumo unapowekwa, unauliza ni kibodi gani. Anayefanya haraka anabonyeza tu kuendelea, na mfumo unashika QWERTY ilhali mbele yake kuna AZERTY.

Tuchukue mfano. Mwalimu anachagua neno la siri `kahawa`. Anabonyeza vitufe kama vilivyoandikwa. Lakini pale AZERTY ilipoandika A, mfumo unasoma q, na pale ilipoandika W, mfumo unasoma z. Neno lililohifadhiwa ni `kqhqzq`, na kwa kuwa linaonekana kama nukta tu, hakuna anayejua. Kila siku anabonyeza vilevile na mlango unafunguka. Siku kibodi ikiharibika na kuwekwa ya QWERTY, au mtu akirekebisha mpangilio, neno `kahawa` linakataliwa. Watu husema mashine imefungwa, na flashi ya kuweka mfumo inatafutwa.

Msiitafute. Jaribuni kuandika neno lilelile mkibadilisha a kwa q na w kwa z, au rudisheni kibodi ya zamani kwa dakika mbili. Ubuntu ina alama ya jicho pembeni ya nafasi ya neno la siri. Ibonyezeni muone herufi zinazotoka kweli. Mkishaingia, fungueni dirisha la amri na mweke mpangilio sahihi, kisha mbadili neno la siri hapohapo:

```
sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration
passwd
```

Mtakapoulizwa aina ya AZERTY, tazameni alama ya @. Ikiwa kwenye kitufe cha 2 ni ya Ubelgiji, ikiwa kwenye kitufe cha 0 ni ya Ufaransa. Tumekubaliana na walimu kwamba maneno ya siri ya mashine za wanafunzi yasiwe na herufi a, q, w, z wala m, wala tarakimu, kwa sababu hizo ndizo zinazohama. Neno kama `kisiki` linaandikika sawasawa popote.

Umeme kukatika hatuna haja ya kuueleza kwa wasomaji hawa. Tuseme tu tofauti moja ambayo haijulikani sana. Umeme ukikatika katikati ya kuweka mfumo wenyewe, basi kazi hiyo imeharibika, anzeni upya. Ndiyo sababu tunaweka mfumo kwenye mashine moja moja, asubuhi, nayo ikiwa imechomekwa kwenye ile betri kubwa ya chumba inayoishikilia kwa muda. Lakini umeme ukikatika wakati wa kuongeza programu tu kwenye Ubuntu iliyokwisha kuwekwa, hakuna kilichoharibika ila kazi imeachwa nusu. Mara nyingine utakapotaka kuongeza kitu mashine itakataa, ikisema `dpkg was interrupted`. Mwambieni amalizie alipoachia:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
```

Amri ya pili huenda ikataka mtandao, kwa hiyo fanyeni siku mtandao upo. Kwa mashine zetu kazi hii huchukua dakika chache. Kule Muyinga mashine mbili zilikuwa zimewekwa kando na kuandikwa mbovu kwa sababu hii tu.

Na ikiwa baada ya yote hayo hapana budi kufuta, toeni kwanza kazi ya wanafunzi. Washeni mashine kwa flashi ya Ubuntu, chagueni kuijaribu bila kuiweka, fungueni diski, nakilini mafaili kwenye flashi nyingine. Kama diski haionekani hapo, rudini kwenye habari ya `SATA Operation`.

Vitu tunavyoacha ni hivi. Katika kabati la Gitega kuna betri mpya za CR2032 zikiwa bado kwenye karatasi zake, msizitoe wala kuziweka pamoja kopo moja, maana zikigusana zinaisha. Flashi mbili za kuweka mfumo ziko kwenye bahasha ya khaki, na nyingine kama hizo ziko Muyinga kwa mwalimu mkuu. Mashine zote za Gitega zimekwisha kubadilishiwa betri. Muyinga zimebaki tatu, namba 2, 5 na 9, na fundi wetu ameahidi kuzifikisha atakapopita kwa njia ya Karusi. Hadi wakati huo, swichi kuu ya chumba cha Muyinga ikizimwa jioni, mwalimu wa zamu aandike tarehe ya namba hizo asubuhi kabla wanafunzi hawajaingia. Namba 9 ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Ina Windows iliyowekwa kwa `RAID On`, na ndani yake mna kazi za darasa zima la mwisho.